Wote Tulikuwa Tumemaliza

Kwenye mwalo wetu, ufukwe wa kushushia samaki, huku kwenye vijiji vya rasi nje ya mji wa Musoma, hakuna mwanamke aliyepita miaka arobaini na tano ambaye bado anaingia kwenye siku zake. Zunguka chanja zote za kuanikia dagaa, uliza mmoja mmoja. Wote wamemaliza. Mimi mwenyewe nilimaliza mapema zaidi, kwa mdomo wangu, mbele ya nahodha na vijana wake, jua linawaka, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimejifunga kitambaa cha damu.

Sioni haya kulisema hilo. Aone haya aliyetunga sheria. Sheria yenyewe ni hii: mwanamke aliye kwenye siku zake hagusi mtumbwi, haruki wavu, hashuki majini mitumbwi inaporudi. Akishuka, dagaa wanakimbia, taa za kuvulia usiku zinazimika, injini inagoma, yaani kila baya la ziwa lile linatoka kwake. Anabaki juu kwenye chanja akisubiri mabaki, dagaa waliopondeka na mchanga wao. Mwanamke aliyemaliza ni mtu mwingine kabisa. Huyo anaingia majini mpaka magotini, anashika ubavu wa mtumbwi, anachagua ndoo anayoitaka. Sasa niambie, ungekuwa wewe ni mjane una watoto wa kusomesha, usingemaliza?

Aliyekuwa mbele yetu wote ni bibi mmoja. Tulimwita Bibi tu, hata nahodha alimwita hivyo. Ndiye aliyenifundisha kuanika, kugeuza, kujua dagaa aliyekauka kwa kumsikiliza akiwa mkononi. Yeye alikuwa amemaliza kweli, miaka mingi, wala hakuwa na haja ya kudanganya mtu. Mtumbwi ukigusa maji ya karibu, Bibi ndiye anatangulia, sisi tunafuata nyuma yake.

Nikiwa na arobaini na saba, mwili wangu ukaanza vituko. Miezi miwili nikakaa bila kuona kitu. Nikafurahi, nikajiambia afadhali, sasa sitakuwa mwongo tena. Joto likawa linanipanda kifuani ghafla, natoka jasho hata kama upepo wa ziwa unavuma. Hayo nilikuwa nimeyasikia, niliyajua ni ya wakati wake. Halafu damu ikarudi, na haikurudi kama ninavyoijua. Ilitoka wiki ya kwanza, ikatoka ya pili, ikaingia ya tatu. Yalitoka mabonge ya kujaza kiganja. Pedi nilikuwa navaa mbili kwa pamoja na juu yake kitambaa, na kabla sijamaliza kutandaza dagaa wa ndoo moja, zimeshaloa.

Kinachonikera mpaka leo si damu. Ni kwamba sikuwa na wa kumuuliza. Tulikuwa wanawake wengi pale, wa rika moja, tunakaa pamoja tangu asubuhi mpaka jioni, tunasengenya mpaka mate yanakauka, tunajua nani kagombana na mkwewe na nani mtoto wake kafeli. Lakini ukimgeukia jirani yako ukamwambia, mwenzangu, hivi kwako inatokaga hivi? Utamwambiaje, na wewe ulishamaliza? Naye atakujibu nini, na yeye amemaliza? Kwa hiyo kila mmoja alikaa na lake kama mtu aliyemeza jiwe.

Nilikwenda zahanati ya kijiji. Muuguzi wa pale ni mke wa mdogo wake tajiri wa mitumbwi, na midomo yake naifahamu. Nikasema naona kizunguzungu. Akanipima malaria, hamna. Akanifunua jicho, akasema mama damu imepungua, akanipa vidonge vya kuongeza damu. Sikumwambia, sawa. Lakini naye hakuuliza. Anamwona mwanamke mzima, macho meupe kama ugali wa muhogo, na hamuulizi damu yake inaendea wapi. Nikaondoka na vidonge vyangu, vikanifunga choo, na damu ikaendelea.

Mwezi ulipokuwa mkubwa, mitumbwi ikatulia, maana dagaa hawavuliwi ziwa likiwa na mwanga. Nikaenda Bunda kwa binti yangu mkubwa, aliyeolewa kule. Nilipanga nikapumzike tu. Siku ya pili nilisimama jikoni kwake nichukue sufuria, dunia ikazunguka, nikajikuta chini, na sakafu yake ya saruji imejaa damu. Binti yangu alipiga kelele. Nilikuwa namwambia anyamaze, majirani watasikia. Kweli! Nakufa, na nawaza majirani.

Hospitali waliyonipeleka, daktari wa zamu alikuwa kijana mmoja nadhifu, anaongea taratibu. Akasema nimeishiwa damu, niongezewe. Wakaitwa ndugu wachangie, na ndugu aliyekuwa karibu ni mkwe wangu. Kwetu mkwe ni mkwe. Hatuli meza moja, nikikaa mahali hapiti mbele yangu, jina langu halitamki. Mtu huyo ndiye aliambiwa na kijana wa maabara, mlangoni, kwa sauti ya kusikika, kwamba mama mkwe anatokwa na damu ya uzazi na anahitaji kuongezewa damu. Akatoa damu yake, Mungu ambariki, halafu akashindwa kuingia wodini kunisalimia, akasimama nje ya dirisha akaniulizia hali kwa kupitia mkewe.

Nilipopata nguvu ya kuongea nikamweleza yule daktari kila kitu. Bunda hawanijui, sikuwa na nahodha wa kumwogopa. Nikamwambia miezi iliyoruka, mabonge, wiki tatu. Nilitegemea anipime. Akatabasamu, akaniuliza umri, nikamtajia. Basi akafunga mazungumzo. Mama, ni umri tu huo, homoni zinayumba, wanawake wote wanapitia, itaisha yenyewe. Akaniandikia dawa ya kukata damu na vidonge vilevile vya kuongeza damu.

Na damu ilikatika. Wiki mbili. Ikarudi kwa hasira zaidi, nikarudishwa palepale, nikaongezewa chupa nyingine, safari hii ya kaka yake mkwe. Na daktari yuleyule akaja na neno lilelile. Hapo nikamwangalia. Nilikuwa nimelala, nina sindano mkononi, lakini ulimi wangu haukuwa na sindano.

"Mwanangu," nikamwambia, "huo umri umeupimia wapi? Maana tangu nimeingia humu hujanigusa hata tumbo."

Akasema hali yangu haihitaji vipimo vingi. Nikamuuliza, ndoo yake nyumbani ikivuja, anaijaza tu kila siku, au anaigeuza aone tundu liko wapi? Akaniona mkorofi. Mama wa kitanda cha jirani akacheka mpaka akashika kidonda chake. Mimi sikucheka. Damu ya watu wawili ilikuwa imepita mwilini mwangu ikamwagika, na hakuna mtu mmoja aliyekuwa ameangalia inapotokea.

Baada ya pale nikapelekwa Butiama kwa mama yangu, nipate uji wa ulezi na mtu wa kunitazama. Mama ni mzee sana, mdogo wa mwili, mkali. Nilimweleza kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu Kiswahili chake cha mambo hayo ni kifupi. Akanisikiliza akichambua mboga. Akasema nisiogope, wanawake wa upande wa baba yangu humaliza hivyo, kwa kishindo. Shangazi yangu naye alimaliza hivyohivyo, mwaka mzima damu haikukauka.

Shangazi huyo nilimkumbuka vizuri. Alikuwa mnene, mcheshi, ana sukari, alikuwa anapenda kunisuka. Nikamuuliza mama, halafu ikawaje?

"Akafa," mama akasema.

"Alikufa na nini?"

Mama akaniangalia kama nimeuliza jambo la kitoto. "Si nimekwambia? Alikuwa anamaliza."

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba nina hasira, sijui nimkasirikie nani. Mama? Yeye aliambiwa hivyo na wenzake. Shangazi alikuwa na miaka hamsini na moja. Ng'ombe akitoa damu kwa mwaka mzima, ukoo mzima unakaa kikao, anaitwa bwana mifugo, linaulizwa zizi, linaulizwa jani alilokula. Shangazi yangu aliachwa amalize. Nilijua palepale kwamba sirudi mwaloni wala sirudi Bunda kabla sijapimwa, hata kama ni kwa kugombana.

Nikaenda Musoma mjini. Daktari bingwa wa wanawake niliyemkuta alikuwa mama wa umri wangu, miwani imeshuka puani, amechoka. Nilipoingia nilianza kwa ukali, maana nilishajiandaa. Nikamwambia, usiniambie umri. Akasema hajaniambia kitu bado, nikae. Akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa mengi mpaka nikatulia. Damu ilianza lini, inakaa siku ngapi, natumia pedi ngapi, mabonge makubwa kiasi gani, inatoka katikati ya mwezi, inatoka baada ya tendo la ndoa. Nina presha? Nina sukari? Kwenye ukoo nani aliugua? Nikamtaja shangazi.

Akasema ananipima ujauzito. Nikamwambia mume wangu yuko kaburini, labda iwe ya upepo. Hakucheka sana. Akasema humpima kila mwanamke anayetoka damu ambaye bado hajakoma kabisa, hata wa umri wangu, kwa sababu amewahi kukuta. Ukapimwa wingi wa damu, ikapimwa sukari. Akaniangalia mlango wa kizazi kwa kifaa chake na akaupaka siki kutafuta dalili za saratani, akasema upande huo ni salama. Kipimo cha picha kikaonyesha kizazi hakina uvimbe, ila utando wa ndani umenenepa kuliko inavyotakiwa. Kisha akaingiza mrija mwembamba na kuchukua kipande kidogo cha ule utando. Iliniuma, tena sana, kwa muda mfupi, na nikamtukana kidogo. Akasema wengi humtukana.

Halafu akanieleza, na ndiyo mara ya kwanza mtu alinieleza mwili wangu kama ni mali yangu. Alisema yule kijana wa Bunda hakudanganya. Umri ukisogea, yai halitoki kila mwezi. Mwezi ambao halitoki, kichocheo kimoja kinaendelea kujenga utando, na kile cha pili, kinachoutuliza na kuuangusha kwa wakati wake, hakipatikani. Utando unanenepa, ukija kubomoka unabomoka kwa fujo. Ndiyo maana miezi inaruka, na ndiyo maana ikirudi wakati mwingine inazidi. Wanawake wengi huishia hapo na wako salama.

"Lakini umri ni jibu la mwisho," akasema. "Unalitoa ukishaondoa mengine. Wewe ulipewa mwanzoni."

Akanitajia ya kutokaa nayo kimya. Kulowesha pedi moja kwa saa moja, saa hadi saa. Mabonge makubwa. Siku zinazopita wiki na kuendelea. Damu ya katikati ya mwezi, damu baada ya tendo. Na kubwa kuliko yote, mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila kuona kitu, halafu akaona, hata kama ni tone. Huyo asisubiri la pili. Mara nyingi si saratani, alisema, lakini huyo hapimwi kesho, anapimwa leo.

Kipande kilipelekwa Mwanza kusomwa. Wiki zile za kusubiri nilikaa mjini hapohapo, mtaa wa Mukendo, kwa binamu yangu, namwuzia duka lake la vitenge, nagombana na wateja. Sikuwa mtu wa kuishi naye. Majibu yalipofika, daktari akaniambia hayakuwa saratani, ila seli zilishaanza kubadilika, na za aina ile zikiachwa nyingi zinaelekea huko. Kwa mtu asiyehitaji tena kuzaa, alishauri kizazi kitolewe. Nikamuuliza, kama ningesubiri mwaka mmoja zaidi, ningemaliza kama shangazi? Akasogeza karatasi ya kutia saini. Nikasaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa.

Walikitoa. Nikapona. Nikakonda, nikanawiri tena. Na siku niliyoruhusiwa kubeba kitu kizito, nikarudi mwaloni.

Nilirudi kufanya kazi, sikwenda kuhubiri. Lakini nilipofika, nahodha akanikaribisha kwa bashasha, akasema amesikia nimetolewa kizazi, kumbe sasa hata Bibi nimemshinda, mimi ni safi wa moja kwa moja, nishike mtumbwi mbele kabisa. Vijana wake wakacheka. Wenzangu wakacheka. Alinishika bega akanisogeza mbele. Hapo ndipo kitu kikakatika ndani yangu.

"Nilikuwa navuja," nikamwambia. Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Wiki baada ya wiki nilishika huu mtumbwi wako huku navuja. Ule mwezi mlijaza mpaka mkaimba, mkachinja mbuzi, damu ilikuwa inanishuka mpaka kwenye visigino na maji haya ndiyo yaliniosha. Dagaa hawakukimbia. Aliyetaka kukimbia dunia ni mimi, kwa sababu nilikuwa siwezi kusema."

Mtumbwi ukawa unagonga mchanga tu. Nahodha uso ulimbadilika, akasema nitoke majini, na nisikanyage tena pale mpaka mtumbwi usafishwe. Hilo nililitegemea. Ambalo sikulitegemea ni wanawake. Walinigeukia kama nyuki. Kwa sababu nahodha alikuwa ameanza kuwatazama, mmoja baada ya mwingine, wa arobaini na sita, wa arobaini na tisa, na wao waliona alichokuwa anakiwaza. Wakasema nimelaaniwa, nina roho mbaya, nimekosa changu nataka wote wakose. Na aliyepaza sauti kuliko wote ni Bibi. Alinifukuza kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia mambo ya ndani ya nguo hayaletwi ziwani, na kwamba anajuta kunifundisha kazi. Nikaokota ndoo yangu. Nililia njiani, nisidanganye, na nilikuwa namtukana kila mtu huku nalia.

Alasiri yake Bibi akaja nyumbani. Peke yake, kwa miguu, jua kali. Nilimwona anapita kwenye ua wa minyaa nikasimama mlangoni, sikumkaribisha. Alikaa mwenyewe kwenye kigoda, akavuta pumzi. Hakuomba radhi. Aliuliza yule daktari wa Musoma anapatikana siku gani.

Nikamwuliza ni kwa ajili ya nani. Akaanza kufuta vumbi miguuni kwa pindo la khanga.

"Ulimaliza lini, Bibi?"

"Huyu mjukuu wangu wa sekondari alikuwa hajazaliwa."

"Na sasa?"

"Imerudi," akasema. "Inatokaga kidogokidogo. Nilidhani ni ujana unanidhihaki."

Nikamwambia avae viatu. Akasema kesho. Nikamwambia hakuna kesho, na nikamfokea mwanamke mwenye umri wa mama yangu mpaka jirani akachungulia, na tukaondoka palepale.

Majibu yake nayasema moja kwa moja, sipendi kuzungushana. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshatoka nje ya kizazi. Wamempeleka Mwanza, ninakwenda kumwona kila nikiweza, tunagombana kuhusu chakula. Lakini kinachoniamsha na hasira kila asubuhi ni ile siku ya kwanza Musoma, nimesimama kando ya kitanda nimemshikia mkoba wake, na daktari akamuuliza damu ilianza lini. Bibi hakusita. Akasema, ule msimu wa dagaa wengi, ule waliochinja mbuzi. Msimu uleule. Kila asubuhi alikuwa mbele yangu majini, ningenyoosha mkono ningemgusa mgongo, wote wawili tunavuja, na wote wawili tumemaliza.